Herufi Moja Mwishoni mwa Wimbo wa Malaika

Wimbo wa malaika waliowatokea wachungaji usiku wa kuzaliwa Yesu ni mstari mmoja tu, Luka 2:14, na Wakristo wengi wanaujua kwa moyo. Lakini waulize watu watatu amani hiyo ya duniani iliahidiwa akina nani. Mkatoliki aliyekulia katika sala zilizotokana na Kilatini atakwambia ni ya watu wenye mapenzi mema. Mlutheri aliyezoea tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 atakwambia ni ya watu ambao Mungu amewaridhia. Na aliyesoma Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, au kuimba wimbo wa Handel uliotungwa juu ya maneno yake, atakwambia ni ya kila mtu: amani imeshuka duniani, na wema umewafikia wanadamu wote bila masharti.

Hayo si maneno matatu ya kusema jambo lile lile. Wa kwanza anazungumzia tabia ya watu, wa pili uamuzi wa Mungu, wa tatu zawadi isiyobagua. Wala hakuna kati yao aliyedanganywa na mtafsiri wake. Kila tafsiri ilifuata kitu kilichokuwa mezani, na tofauti yao ina vyanzo viwili ambavyo watu huvichanganya mara kwa mara. Cha kwanza ni herufi moja ambayo baadhi ya hati zinayo na nyingine hazina. Cha pili ni namna ya kulielewa neno lenyewe hata pale ambapo hati zinakubaliana. Tuanze na herufi.

Neno lenyewe kwa Kigiriki ni eudokia. Maana yake iko karibu sana na radhi: kupendezwa, kukubali kwa moyo mweupe. Likiandikwa hivyo, eudokia, linasimama lenyewe kama jambo la tatu katika wimbo: utukufu kwa Mungu juu, amani duniani, na radhi kwa wanadamu. Likiongezewa sigma mwishoni, eudokias, linakuwa neno la umiliki. Hapo halisimami tena peke yake, bali linaegemea neno lililotangulia: watu wa radhi. Wimbo unabaki na sehemu mbili tu zinazotazamana, utukufu na amani, juu na duniani, Mungu na watu hao. Kwa hiyo sigma moja inabadili idadi ya beti na pia inabadili orodha ya waalikwa.

Herufi ya namna hii hupotea kirahisi. Hati kubwa za kale za Agano Jipya ziliandikwa kwa mkono juu ya ngozi, kwa herufi kubwa, bila nafasi kati ya neno na neno. Sigma ya wakati huo ilifanana na C yetu, na mnakili aliyebanwa mwishoni mwa mstari alikuwa na kawaida ya kuipunguza ukubwa hadi ikabaki kama alama ndogo iliyoning'inia juu. Mnakili anayemfuata akichoka macho, au mwanga ukiwa hafifu, anaipita. Wanaojua tenzi za pwani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu hawatashangaa. Pale nukta moja ikirukwa, be inakosa jina kabisa, na msomaji analazimika kukisia.

Sasa hati zenyewe zinasema nini? Kodeksi ya Sinai, ambayo sehemu yake kubwa iko katika Maktaba ya Uingereza jijini London, na Kodeksi ya Vatikani iliyoko Roma, zote ni za karne ya 4 na ndizo nguzo za uchunguzi wa matini ya Agano Jipya. Zote mbili ziliandikwa kwa mara ya kwanza zikiwa na sigma. Na katika zote mbili mkono wa baadaye ulikuja ukaiondoa. Wataalamu huandika jambo hilo kwa ufupi kwa kuweka nyota juu ya alama ya hati pale wanapotaja mkono wa kwanza, na tarakimu juu yake wanapotaja mrekebishaji. Ukiona mahali fulani hati moja imetajwa upande wa ndiyo na pia upande wa hapana, usidhani mhariri amechanganyikiwa. Hati hiyo ina mikono miwili.

Kodeksi ya Aleksandria, ya karne ya 5, inafurahisha zaidi. Katika Injili ya Luka inayo sigma. Lakini hati hiyo hiyo, baada ya kitabu cha Zaburi, imebeba mkusanyo wa nyimbo za ibada, na mmojawapo ni wimbo wa asubuhi unaoanza na maneno ya malaika. Pale hakuna sigma. Kitabu kimoja kimehifadhi namna zote mbili, moja katika Injili na nyingine katika wimbo. Kwangu mimi huu ndio ushahidi unaosema mengi kuliko wote, kwa sababu unatuonyesha njia ambayo herufi huenda iliipitia. Mnakili aliyeuimba wimbo huo kila asubuhi bila sigma, akifika kwenye Luka 2:14, mkono wake unaandika alichozoea kuimba. Na mrekebishaji akikuta sigma kwenye hati ya zamani, anaiona kama kosa la kufuta.

Kodeksi ya Beza iliyoko Cambridge, yenye Kigiriki na Kilatini ana kwa ana, nayo ina sigma, na ni muhimu kwa sababu inatoka katika mkondo mwingine kabisa wa unakili, tofauti na ule wa Misri uliozaa hati za Sinai na Vatikani. Tafsiri ya kale ya Kilatini nayo ilifuata umiliki. Hati zinazotoka pande tofauti na zisizonakiliana zikikutana kwenye herufi moja, uzito wake unaongezeka.

Upande wa pili nao una mashahidi wengi. Nakala za Kigiriki za zama za kati, kwa wingi wake mkubwa, hazina sigma. Tafsiri za kale za Kisiria ziko upande huo, na ibada ya Kigiriki inaimba hivyo hadi leo. Erasmo alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516 alitumia nakala chache za baadaye alizozipata Basel, na kutoka kwenye mkondo huo wa vitabu vilivyochapwa zikatoka tafsiri za Luther na ya Mfalme James ya mwaka 1611. Ndiyo maana Waprotestanti wa kale waliimba juu ya radhi kwa wanadamu wote huku Wakatoliki, waliofuata Kilatini, wakiimba juu ya watu wa aina fulani. Wengi wamedhani tofauti hiyo ni ya mafundisho. Kumbe ilitokana na kitabu gani mtafsiri alikifungua.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wingi usiamue. Jibu ni kwamba nakala mia moja zilizotokana na nakala moja ni sauti moja iliyorudiwa mara mia. Wachunguzi huuliza swali lingine: kati ya namna hizi mbili, ni ipi inayoweza kueleza kuzaliwa kwa mwenzake? Hapa jibu linaelekea upande wa sigma. Maneno “watu wa radhi” yalisikika mageni kwa masikio ya Kigiriki, hivyo mnakili alikuwa na sababu ya kuyanyoosha hata kama hakuipita herufi kwa bahati mbaya. Ni vigumu kuona kwa nini mtu aongeze sigma na kuufanya mstari uliokuwa laini uwe na kona. Zaidi ya hayo, Kigiriki kina “na” moja tu kati ya utukufu na amani, wala hakuna “na” ya pili kabla ya watu. Wimbo wa sehemu tatu ungetarajiwa kuwa nayo.

Ugeni huo ulikuwa ndiyo hoja kubwa ya waliopinga sigma, mpaka magombo ya Kumrani yalipoanza kupatikana mwaka 1947 kando ya Bahari ya Chumvi. Katika nyimbo za shukrani za jamii ile, zilizoandikwa kwa Kiebrania, wateule wa Mungu wanaitwa wana wa radhi yake. Usemi ulioonekana hauwezekani ulikuwa ukitumika miongoni mwa Wayahudi wa enzi hizo hizo. Kamati inayohariri Agano Jipya la Kigiriki kwa ajili ya watafsiri wa vyama vya Biblia hupanga uhakika wake kwa herufi, kutoka A hadi D, na katika toleo lake la nne iliipa sigma hii daraja A. Hapo swali la herufi limekaribia kufungwa.

Lakini kufungwa kwa swali la herufi kunafungua la pili, na hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Tukishakubali kuwa ni watu wa radhi, je, radhi hiyo ni ya nani? Ni watu wenyewe walio na nia njema, au ni watu ambao Mungu ameridhika nao? Sigma haituambii. Kilatini nacho kiliacha mlango wazi, na karne nyingi za wasomaji zikaingia kwa upande wa nia ya watu. Kutoka hapo tukapata msemo wa watu wenye mapenzi mema, ambao sasa umetoka kanisani na kufika kwenye harambee na hotuba za wanasiasa.

Luka mwenyewe anatusaidia kidogo. Neno hilo analitumia tena katika sura ya 10, mstari wa 21, na pale ni radhi ya Mungu bila shaka. Kitenzi chake kinatokea Yesu anapobatizwa, sura ya 3, na tena katika sura ya 12 anapowatuliza wanafunzi wake. Kote huko anayeridhia ni Mungu. Magombo ya Kumrani yanasema vivyo hivyo: radhi yake. Hivyo watafsiri wengi wa leo, pamoja na watafsiri wetu wa mwaka 1952, wamechagua radhi ya Mungu. Nami naona wamechagua vizuri, ingawa uchaguzi huu unatokana na kuelewa lugha, na hauna mhuri wa hati yoyote.

Tofauti hii kati ya swali la hati na swali la maana ndiyo inayotawala kazi ya kuandika tanbihi, yale maelezo madogo ya chini ya ukurasa. Biblia zilizohaririwa kwa uangalifu hutumia vianzio viwili. Kikianza na “Hati nyingine” maana yake ni kwamba kuna kitabu cha kale chenye maandishi tofauti. Kikianza na “Au” maana yake ni kwamba maandishi ni yale yale, ila yanaweza kueleweka kwa namna nyingine. Mhariri akiandika “Hati nyingine: watu wenye nia njema,” atakuwa amemdanganya msomaji, kwa sababu hakuna hati yenye tofauti hiyo. Akiandika “Au: na wanadamu wamepata radhi,” amekosea kwa upande mwingine, kwa kuficha kwamba hapa kuna vitabu vinavyopingana. Makosa ya namna hii yanaonekana madogo mpaka pale mhubiri anaposimama madhabahuni na kuyajengea hoja.

Tuandike basi tanbihi ya mstari huu. Matini yetu ya juu inasema amani ni kwa watu wa radhi ya Mungu, kwa maneno yoyote mtafsiri atakayochagua. Alama ya tanbihi iwekwe pale tofauti ilipo, yaani mwishoni, baada ya neno la radhi, wala si mwanzoni mwa mstari ambapo itatia shaka juu ya utukufu usio na mgogoro. Chini ya ukurasa yaandikwe hivi: “Hati nyingine husema: na duniani pana amani, na wanadamu wamefikiwa na radhi ya Mungu.” Kisha sentensi ya pili: “Au: kwa watu wenye nia njema.” Basi.

Utaona kwamba tanbihi ya kwanza imerudia kipande kizima badala ya kutaja neno moja. Hii inatokana na Kiswahili chenyewe. Kwa Kigiriki mtu anaweza kuonyesha tofauti kwa neno moja, lakini kwetu umiliki ule huishia kwenye kitenzi cha rejeshi, kama vile “aliowaridhia,” ambacho kimefungwa na ngeli ya watu na nafsi ya Mungu. Huwezi kukichomoa na kuingiza “radhi” mahali pake, sentensi inavunjika. Msomaji akipewa neno tupu chini ya ukurasa hajui alipeleke wapi. Njia ya kujipima ni rahisi: soma mstari wa juu kwa sauti, na ukifika kwenye alama uruke usome tanbihi. Kama ulimi umekwama, tanbihi haijakamilika.

Kuna majaribu mawili mengine. La kwanza ni kutaka kuhukumu ndani ya tanbihi. Wapo wanaoandika kwamba hati bora zaidi zinasema hivi, au kwamba maneno fulani yaliongezwa baadaye. Uamuzi wa mtafsiri umeshaonekana kwa kile alichokiweka juu. Chini ni mahali pa kumwonyesha msomaji kilichobaki. Neno “bora” linamfanya msomaji wa kawaida aulize kama Biblia ya bibi yake ilikuwa mbovu, na swali hilo halijibiwi kwa mistari miwili ya maandishi madogo. Panapohitajika maelezo marefu yaende kwenye utangulizi wa kitabu.

Jaribu la pili ni baya zaidi, nalo ni kuziunganisha namna zote katika matini yenyewe ili asiwepo atakayelalamika: amani kwa watu walioridhiwa na Mungu, wenye nia njema, na radhi kwa wote. Wanakili wa kale walifanya hivyo, na tunawakamata. Mwishoni kabisa mwa Injili ya Luka, hati za mkondo mmoja zinasema wanafunzi walikuwa hekaluni wakimbariki Mungu, na Kodeksi ya Beza inasema walikuwa wakimsifu. Nakala nyingi za baadaye zinasema walikuwa wakimsifu na kumbariki. Mnakili alikuwa na namna mbili mbele yake na hakutaka kupoteza hata moja. Nia yake ilikuwa nzuri, lakini aliunda sentensi ambayo yaelekea Luka hakuiandika.

Je, kila tofauti ipewe tanbihi? Hapana. Hati zinatofautiana maelfu ya mara, na nyingi ya tofauti hizo ni za tahajia au mpangilio wa maneno ambazo kwa Kiswahili hazionekani kabisa. Biblia yenye kuzitaja zote isingebebeka. Kipimo ninachokiona kinafaa kina sehemu mbili: tofauti iwe inabadili kile msomaji atakachokielewa, na namna ile ya pili iwe na uzito wake, ama kwa sababu wachunguzi bado wanabishana, ama kwa sababu wasomaji wameizoea. Mstari wetu unapita kwa sababu ya mwisho. Wachunguzi hawabishani sana, kwa hiyo kitaalamu tanbihi ingeweza kuachwa. Lakini watu wameimba namna nyingine maisha yao yote, na akifungua Biblia mpya akakuta wanadamu wote wamepungua wakabaki baadhi, ana haki ya kuambiwa kilichotokea. Asipoambiwa atakuwa na maelezo yake mwenyewe, na mara nyingi maelezo hayo ni kwamba kuna waliochezea Maandiko.

Tanbihi ina mpaka mmoja ambao hauwezi kuvukwa: haisikiki. Katika makanisa yetu Biblia husikilizwa na wengi zaidi kuliko inavyosomwa, na msomaji wa mimbari hasemi “hapa kuna alama ya tanbihi.” Redio na rekodi za sauti nazo huziacha. Hivyo uamuzi wa nini kikae juu ni mzito kuliko unavyoonekana mezani, kwa sababu kwa wasikilizaji wengi hicho ndicho kitakachokuwepo. Mchapishaji anayeondoa tanbihi kabisa ili kuokoa karatasi amewaongezea wasomaji wake ukimya huo huo. Toleo lake ni rahisi kubeba na bei yake ni nafuu, lakini limenyamaza mahali ambapo watafsiri walitaka kusema.

Ukitaka kujua Biblia yako iko upande gani, fungua Luka 2:14 na uhesabu sehemu za wimbo. Zikiwa mbili, sigma ipo. Zikiwa tatu, haipo. Kisha shuka chini ya ukurasa. Ukikuta hakuna neno lolote pale, waandikie waliokichapa kitabu hicho uwaombe wakuwekee tanbihi katika chapa ijayo, maana watafsiri walikwishafanya kazi ya kupima hati, na gharama ya kukuonyesha walichokiona ni mistari miwili tu.